Uchakavu wa vitabuni na uchakavu wa kodi: kwa nini boti moja ina tarakimu mbili kila mwaka

*Assalaam alaykum. Mimi na kaka yangu tuna kampuni ndogo Nungwi, tunachukua wageni kwa Kosta na kwa boti ya faiba kwenda Mnemba. Hesabu za mwaka wetu wa kwanza zimetoka na faida ya milioni 40, na ndani yake kuna uchakavu wa milioni 9.25. Lakini karatasi ya kodi ina uchakavu wa milioni 42, na kodi tunayotakiwa kulipa ni milioni 2 na kidogo. Kaka anasema mhasibu ana vitabu viwili. Mimi naogopa TRA watakuja kutubana. Ipi ndiyo ya kweli, na kwa nini zinapishana kiasi hiki? Daftari la mali nimekutumia.*

Waalaykum salaam dada yangu. Zote mbili ni za kweli. Nimelipitia daftari lako la mali mstari kwa mstari, na tarakimu zote mbili zimepigwa sawasawa. Mwambie kaka asimchukie mhasibu wenu. Vitabu viwili vinavyomtia mtu matatani ni vile ambavyo mauzo ya kwenye kitabu kimoja hayafanani na ya kwenye kitabu cha pili. Kwenu mauzo ni yale yale, mafuta ni yale yale, mishahara ni ile ile, hata bei za kununulia boti na gari ni zile zile pande zote. Kilichobadilika ni jibu la suali moja tu: katika bei ile, kiasi gani kihesabiwe kuwa ni gharama ya mwaka huu?

Nianze na vitabu. Hapo mhasibu anataka kujua mali imeliwa kiasi gani na kazi ya mwaka, ili faida anayowaonesha nyinyi wenye kampuni, na benki mkienda kukopa, iwe karibu na hali ilivyo. Kosta mmeinunua milioni 48 na imeanza kazi Januari. Mmekubaliana kwamba itawatumikia miaka 6, na siku mtakapoiuza itakuwa bado ina thamani ya milioni 12. Basi kitakacholiwa ni milioni 36, na ukigawa kwa miaka 6 unapata milioni 6 kwa mwaka. Makadirio hayo ni yenu. Mwenye Kosta kama hiyo hiyo anayeikimbiza Darajani hadi Nungwi kutwa mara nne anaweza kusema miaka 4, na akawa sahihi kwa gari lake.

Kwenye boti mhasibu wenu amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, na mimi limenifurahisha. Hakuiandika kama kitu kimoja cha milioni 96. Ameugawa mwili wa faiba, milioni 60, na mashine mbili za nje, milioni 36. Mwili ameupa miaka 10 na thamani ya mwisho ya milioni 10, kwa hiyo unachakaa milioni 5 kwa mwaka. Mashine amezipa miaka 4 na thamani ya mwisho ya milioni 4, kwa hiyo milioni 8 kwa mwaka. Anayeijua bahari ya kule anajua kwa nini: chumvi inaila mashine mapema, na mwili wa faiba ukitunzwa unazika mashine mbili au tatu. Viwango vya kimataifa vya hesabu vinataka hivyo hasa, kwamba sehemu kubwa ya mali yenye umri wake mwenyewe ihesabiwe peke yake.

Halafu kuna tarehe. Boti imeanza kazi tarehe 1 Oktoba. Vitabuni uchakavu unaanza kuhesabiwa pale mali inapokuwa tayari kwa kazi, kwa hiyo mwaka ule boti imebeba miezi 3 tu: milioni 1.25 kwa mwili na milioni 2 kwa mashine. Ongeza milioni 6 za Kosta, unapata ile milioni 9.25.

Sasa njoo upande wa kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo nyinyi Nungwi mnahesabiwa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, sawa na kampuni ya Mwanza au Tanga, na ritani yenu inakwenda TRA. Sheria hiyo haitaki kujua nyinyi mnadhani Kosta itaishi miaka mingapi. Ingekuwa inataka, kila mwenye gari angejichagulia umri unaompunguzia kodi, na kampuni mbili zenye boti pacha zingelipa kodi mbalimbali kwa sababu ya maoni tu. Kwa hiyo uchakavu wenu wa vitabuni unafutwa wote, hata shilingi haibaki, na mahali pake pawekwe nafuu ya uchakavu ambayo sheria yenyewe imeipangia viwango katika Jedwali la Tatu. Viwango hivyo vimewekwa vikubwa mwanzoni kwa makusudi, ili mtu aliyetoa fedha zake kununua chombo cha kazi apate kupumua miaka ya mwanzo.

Jedwali hilo linagawa mali kwa makundi. Yanayowahusu nyinyi ni mawili. Kundi la kwanza lina kiwango cha asilimia 37.5, na ndani yake mna kompyuta, magari madogo, mabasi yenye viti chini ya 30, na magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7. Kundi la pili lina kiwango cha asilimia 25, na humo mna mabasi yenye viti 30 au zaidi, malori makubwa, na vyombo vya majini. Samani na vifaa vya ofisi viko kundi la tatu, asilimia 12.5, lakini nyinyi kwa sasa hamna cha kutaja.

Hapo kwenye viti usipapite haraka. Kosta yenu kwa mujibu wa daftari ina viti 26, kwa hiyo iko kundi la kwanza: milioni 48 kwa asilimia 37.5 ni milioni 18. Kama ingekuwa na viti 30, ingeangukia kundi la pili na nafuu ya mwaka wa kwanza ingekuwa milioni 12. Milioni 6 zinaning'inia kwenye idadi ya viti, na nimeshaona magari yaliyoongezwa viti vya kukunja baada ya kusajiliwa. Toa kadi ya gari, hakikisha idadi iliyoandikwa ni hiyo uliyoniletea, na nakala yake iwekwe kwenye faili la kodi.

Boti nzima, mwili na mashine zake, sheria inaiona chombo cha majini kimoja. Milioni 96 kwa asilimia 25 ni milioni 24. Na hapa ndipo lilipo jambo lililokutia hofu zaidi: sheria haikupunguza kwa kuwa boti ilifanya kazi miezi 3. Kinachoangaliwa ni jumla ya fungu la mali za kundi lile mwishoni mwa mwaka wa mapato, likizidishwa kwa kiwango cha mwaka mzima. Ilimradi boti ilikuwa yenu na ilikwisha kuingia kazini kabla ya tarehe 31 Disemba, inapata nafuu ya mwaka. Ingekuwa imenunuliwa lakini imelala kwenye forodha Malindi hadi Januari, isingepata kitu mwaka ule. Kwa hiyo milioni 18 na milioni 24 ndizo zilizofanya milioni 42.

Karatasi ya kodi inaanza na faida yenu ya vitabuni, milioni 40. Inarudisha uchakavu wa vitabuni, milioni 9.25, kwa sababu ulikwisha kutolewa na sheria haiutambui. Unapata milioni 49.25. Kisha inatoa nafuu ya sheria, milioni 42. Kinachobaki ni milioni 7.25, na kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya hiyo, yaani milioni 2.175. Ndiyo hiyo "milioni 2 na kidogo" yako.

Tatizo ni kwamba kaka atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa hiyo kila mwaka tutalipa hivi? Hapana. Chukua mali hizi hizi, usinunue kitu wala usiuze kitu, uende nazo miaka 4. Kosta mwaka wa pili inaanza na kilichobaki, milioni 30, na asilimia 37.5 inahesabiwa kwa hicho kilichobaki, si kwa milioni 48 za mwanzo. Boti vivyo hivyo inaanza na milioni 72. Kila mwaka kiwango ni kile kile lakini kinachozidishwa kinapungua. Vitabuni, kuanzia mwaka wa pili, mna milioni 19 bila kubadilika (6 za Kosta, 5 za mwili, 8 za mashine). Hii hapa, kwa mamilioni ya shilingi:

| Mwaka | Uchakavu vitabuni | Uchakavu kwenye kodi | Wa kodi umezidi kwa |
|---|---|---|---|
| 1 | 9.25 | 42.00 | 32.75 |
| 2 | 19.00 | 29.25 | 10.25 |
| 3 | 19.00 | 20.53 | 1.53 |
| 4 | 19.00 | 14.52 | −4.48 |

Mwaka wa nne mambo yamegeuka. Ukipata faida ile ile ya milioni 40 mwaka huo, karatasi itarudisha milioni 19 na itatoa milioni 14.52 tu. Mtatozwa kwa milioni 44.48, na kodi itakuwa milioni 13.34. Biashara ile ile na faida ile ile, lakini kodi imepanda zaidi ya mara sita kuliko mwaka wa kwanza. Watu wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kuwa wamepandishiwa kodi, ukitazama faili lao hakuna aliyewapandishia. Nafuu imekwisha kuliwa miaka ya mwanzo, na sasa kinachobaki ni kidogo.

Kwa sababu hiyo mhasibu wenu ameandika kwenye mizania deni linaloitwa kodi iliyoahirishwa, milioni 9.825. Nadhani hilo nalo kaka atalitilia shaka, kwa kuwa hakuna barua ya TRA inayolidai. Linatoka hapa: tofauti ya mwaka wa kwanza ni milioni 32.75, na asilimia 30 yake ni milioni 9.825. Ukiijumlisha na milioni 2.175 mnazolipa sasa, unapata milioni 12 kamili, ambayo ni asilimia 30 ya faida yenu ya milioni 40. Anachowaambia ni kwamba kodi ya faida hii ni milioni 12, ila sehemu yake kubwa itadaiwa miaka ijayo. Mwisho wa mwaka wa tatu deni hilo litakuwa limefika milioni 13.36, kisha litaanza kushuka.

Nakuomba dada, kabla hamjagawana faida, uiangalie milioni 9.825 hiyo kwa jicho la pekee. Mkitoa milioni 2.175 kwenye milioni 40 mkaona mna milioni 37.825 za kugawana, mtakuwa mmegawana na kodi ya kesho. Afadhali fedha hiyo iende kwenye mashine mpya za boti, ambazo kwa makadirio yenu wenyewe mtazihitaji mwaka wa tano, au ikae benki. Msimu wa masika wageni wanapopungua Nungwi, na kodi ya mwaka mzuri uliopita bado haijamalizwa kulipwa, hapo ndipo kampuni nyingi ndogo zinapokwama.

Nataka sasa nikuoneshe kwamba pande zote mbili zinafika mahali pamoja, maana hilo ndilo litakalomtuliza kaka kuliko maneno yangu yote. Tuseme mwaka wa nne, mwanzoni kabisa, mmepata mnunuzi wa Kosta kwa milioni 26 na mmeiuza.

Vitabuni, Kosta imeshachakaa milioni 6 kwa miaka 3, yaani milioni 18, na thamani yake iliyobaki ni milioni 30. Mmeuza kwa milioni 26, kwa hiyo mmepata hasara ya milioni 4. Jumla ya gharama ya kuwa na gari lile ni milioni 18 na hizo 4, sawa na milioni 22.

Kwenye kodi, nafuu za miaka 3 zilikuwa milioni 18, kisha 11.25, kisha 7.03, jumla milioni 36.28. Fungu la kundi la kwanza limebaki na milioni 11.72 tu. Sheria inasema bei ya kuuzia inatolewa kwenye fungu: milioni 11.72 kutoa milioni 26 ni pungufu milioni 14.28. Fungu haliwezi kubaki chini ya sifuri, kwa hiyo milioni 14.28 hizo zinaingizwa kwenye mapato yenu ya mwaka huo na kutozwa kodi. Sasa toa: milioni 36.28 za nafuu mlizopewa, kutoa milioni 14.28 mlizorudisha, ni milioni 22. Sawasawa na vitabuni, mpaka shilingi ya mwisho. Na milioni 22 ndiyo tofauti ya bei mliyonunulia na mliyouzia, 48 kutoa 26. Hakuna aliyepata nafuu ya bure wala aliyedhulumiwa. Zilipishana kwa wakati tu.

Lakini tazama mwaka wenyewe wa kuuza ulivyo. Vitabu vinasema hasara milioni 4, karatasi ya kodi inasema mapato ya milioni 14.28. Mhasibu anairudisha ile hasara ya milioni 4, kwa kuwa nayo ni ya vitabuni, halafu anaongeza milioni 14.28. Kodi ya peke yake juu ya milioni 14.28 ni milioni 4.28, inayotoka kwenye gari ambalo nyinyi mnajua mmeliuza kwa hasara. Mtu asiyeelezwa mapema hupata mshituko, na mara nyingi fedha ya mauzo imeshatumika.

Njia ya halali ya kuupunguza uzito huo ipo, nayo ni mpangilio. Kama mna nia ya kununua Kosta nyengine, inunueni na muiingize kazini kabla ya kuiuza ya zamani, na yote mawili yawe ndani ya mwaka mmoja wa mapato. Tuseme ya pili ni ya milioni 50 na ina viti chini ya 30. Fungu litakuwa milioni 11.72 kuongeza 50, kutoa 26, linabaki milioni 35.72. Hakuna kinachoingizwa kwenye mapato, na bado mnapata nafuu ya asilimia 37.5, ambayo ni milioni 13.39. Ile kodi ya milioni 4.28 haikusamehewa. Imeyeyushwa ndani ya fungu, kwa sababu gari jipya lingeleta nafuu ya milioni 18.75 kama lingekuwa peke yake, na sasa linaleta pungufu ya hapo. Ukiiuza ya zamani Novemba ukanunua mpya Februari, umeshavuka mwaka, na nafasi hiyo huipati.

Hiyo ndiyo picha ya tofauti zinazotokana na wakati. Ziko tofauti nyengine ambazo hazifungi kamwe, na kwenye daftari lako nimeiona moja inayokuja. Umeandika kwamba mnafikiria kumnunulia kaka gari la kutembelea kwa jina la kampuni. Gari lisilo la biashara, sheria imeliwekea ukomo wa gharama inayokubaliwa kupata nafuu. Kinachozidi ukomo kitachakaa vitabuni kama kawaida, lakini kwenye kodi hakitahesabiwa leo wala kesho. Kosta yenu haimo kwenye ukomo huo, kwa sababu gari la biashara kwa maana ya sheria ni lile lililoundwa kubeba zaidi ya nusu tani au zaidi ya abiria 13, au linalotumika katika biashara ya usafirishaji au ya kukodisha magari. Gari la kaka la kwendea msikitini na sokoni halina hata moja katika hayo. Zaidi ya hapo, nafuu hutolewa kwa mali inayotumika kikamilifu kuzalisha mapato ya biashara, kwa hiyo gari la matumizi ya nyumbani litawatia kwenye mabishano hata chini ya ukomo. Mnunulieni kama mnataka, ila msilipigie hesabu ya kupunguza kodi.

Vilevile msije mkadanganywa na nafuu ya asilimia 50. Kuna kipengele kinachoruhusu nusu ya gharama itolewe mwaka wa kwanza kwa mitambo iliyofungwa kiwandani, inayotumika kufugia samaki, au iliyofungwa ndani ya hoteli kwa ajili ya huduma za watalii. Neno watalii likisikika, kila mwenye boti anainua mkono. Jenereta au mtambo wa kusafisha maji uliofungwa kwenye hoteli unaingia. Boti inayokwenda Mnemba haikufungwa ndani ya hoteli, hata ikiwa kila abiria wake ni mtalii.

Sasa, namna ya kulikagua jambo hili wewe mwenyewe mwakani, bila kumngoja mtu. Chukua karatasi ya kodi, tafuta mstari unaorudisha uchakavu wa vitabuni. Tarakimu yake lazima ilingane na uchakavu wote ulioko kwenye hesabu, na nasema wote kwa sababu mara nyingi umegawanywa: wa boti na Kosta umo kwenye gharama za safari, na wa meza na kompyuta umo kwenye gharama za utawala. Anayerudisha ule wa utawala peke yake anakuwa amewatolea uchakavu wa boti mara mbili, mara kwa vitabu na mara kwa sheria. Kosa la kusahau kabisa kurudisha ni rahisi kulitambua. Kwenu lingetoa milioni 40 kutoa milioni 42, hasara ya kikodi ya milioni 2 na kodi sifuri, kwenye mwaka ambao ukweli ni milioni 7.25. Mkaguzi wa TRA huanza na mstari huo huo.

Kisha tazama fungu. Salio la mwisho wa mwaka jana liwe ndilo salio la mwanzo wa mwaka huu, kwa kila kundi. Kwenu mwaka wa pili uanze na milioni 30 na milioni 72. Nimeona faili ambalo kila mwaka limepigwa asilimia 25 kwa bei ya kununulia, kana kwamba ni vitabuni. Baada ya miaka 4 mali imekwisha, na kwenye sheria ilikuwa bado ina karibu theluthi yake. Nafuu ya ziada waliyojichukulia ilirudi pamoja na riba.

Liko kosa la upande wa pili ambalo si la kodi hata kidogo, na kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza wenye biashara wa Unguja na Pemba zaidi. Mhasibu, ili asipige hesabu mara mbili, anachukua viwango vya Jedwali la Tatu na kuviweka moja kwa moja kwenye vitabu. Karatasi ya kodi inakuwa nyepesi kweli, hakuna cha kurudisha. Lakini vitabu vyenu vingesema mwaka wa kwanza faida ni milioni 7.25 badala ya 40, na Kosta ingeandikwa milioni 18.75 baada ya miaka miwili wakati mnajua sokoni haiuziki chini ya 30. Mkienda benki kuomba mkopo wa boti ya pili, afisa mikopo anasoma vitabu hivyo na kuona kampuni isiyo na faida yenye mali kuukuu. Nyinyi mnajua si kweli, ila mmejiandikia wenyewe. Mhasibu wenu hakufanya hivyo, amekubali kazi ya kupiga mara mbili, na ndiyo maana mkaona tarakimu mbili.

Na mashine za boti mkizibadilisha mwaka wa tano, mtarajie tofauti hii iongezeke tena. Vitabuni zile za zamani zitaondolewa kwenye daftari na mpya zitaandikwa kwa bei yake na umri wake. Kwenye kodi, bei ya mpya itaongezwa kwenye fungu la kundi la pili, na mkiziuza zile za zamani hata kama chakavu, bei yake itatolewa humo humo. Matengenezo ya kawaida, kama plagi, oili na propela iliyopiga mwamba, ni gharama ya mwaka huo pande zote mbili na hayaingii kwenye fungu. Mshike mhasibu atenganishe risiti hizo tangu siku ya kwanza, maana ukikaa ukazichanganya, baada ya mwaka hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ya mashine nzima na ipi ilikuwa ya ukarabati.

La mwisho ni kuhusu kuchelewesha. Kaka amependekeza kwenye waraka wako kwamba nafuu ya mwaka huu msiichukue yote, mjiwekee ya miaka ya mbele kodi itakapokuwa kubwa. Wazo lina akili, lakini sheria haikubali: nafuu ya mwaka huchukuliwa mwaka wake, haiwekwi kiporo. Ikitokea imezidi faida, kinachovuka kwenda mwaka unaofuata ni hasara ya kikodi. Ritani ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kumalizika, kwa hiyo yenu ifike kabla Juni haijaisha, ikiwa na milioni 42 zake kamili na daftari la mali pembeni, pamoja na kadi ya Kosta na hati za kununulia boti zinazoonesha ilianza kazi Oktoba.